Akaunti moja, simu moja, orodha tatu: Netflix inaamuaje msafiri yuko nchi gani?

#1 MwalimuKondele
Hamjambo wadau. Nauliza kwa niaba ya dada yangu aliye Manchester kwa mafunzo hadi mwisho wa mwezi ujao. Akaunti ya Netflix tuliifungua hapa Kisumu na inalipwa kwa shilingi. Simu yake ina laini ya Safaricom pamoja na eSIM ya wasafiri aliyoinunua mtandaoni kabla ya kupanda ndege.

Akiwasha data ya Safaricom anaona orodha ile ile tunayoiona sisi. Akiingia waifai ya mwenyeji wake, baadhi ya vitu alivyoweka kwenye `My List` vinatoweka na vingine asivyowahi kuviona vinajitokeza. Akitumia ile eSIM anapata orodha ya tatu, ambayo si yetu wala si ya Uingereza. Simu ni ile ile, akaunti ni ile ile, na hajainuka kitini. Ni nini kinachoamua yuko wapi?

#2 Wa58_Nakuru
Ni kadi ya benki, mwalimu. Kadi ikiwa ya Kenya, akaunti ni ya Kenya. Mwambie aangalie kama ameweka kadi nyingine huko.

#3 FundiMitandao
@Wa58_Nakuru hapo umegusa jambo la kweli lakini si hili. Nchi ya malipo huamua bei na sarafu, na hiyo haibadiliki kwa sababu mtu amesafiri. Orodha ya vitu vya kutazama haifuati malipo. Inafuata anwani ya IP ambayo simu inaonekana nayo mtandaoni dakika ile. Haki za kuonyesha filamu huuzwa nchi kwa nchi, kwa hiyo Netflix inalazimika kukuonyesha kile ilichokinunulia haki pale ulipo, si pale ulipojisajili.

Mwalimu, dada yako ana njia tatu za kuingia mtandaoni, na kila moja inatokea nchi tofauti. Ya waifai ni rahisi: modemu iko Manchester, anwani ni ya Uingereza, orodha ni ya Uingereza.

Ya Safaricom ndiyo huwashangaza watu. Simu imeshika mnara wa kampuni ya Uingereza, lakini katika romingi ya kawaida data yako haiingii mtandaoni kule. Inarudishwa hadi kwenye lango la kampuni yako ya nyumbani, ndipo inatoka. Ni kama barua inayoandikwa Manchester lakini lazima ipigwe muhuri katika posta ya Nairobi. Anayeipokea anaona muhuri wa Kenya tu.

Ile eSIM ya wasafiri hufanya hivyo hivyo, ila lango lake liko mahali ambapo aliyeiuza amekodi huduma. Inaweza kuwa Uholanzi, Polandi, Singapuri au Hong Kong. Jina la mnara lililo juu ya skrini halikuambii lolote kuhusu lango.

#4 BusiaMpakani
Ndiyo maana hapa kwetu simu ikidaka mnara wa Uganda orodha haibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni salio, tena upesi. Walio Busia na Malaba wazime `Data roaming` kwenye mipangilio, au wachague mtandao wenyewe badala ya kuiachia simu.

#5 NyalendaB
Nadhani mnazunguka mbali. Simu ina GPS. Azime `Location` halafu afute ruhusa ya programu, itashindwa kujua yuko Uingereza.

#6 FundiMitandao
@NyalendaB akizima GPS hakuna kitakachobadilika. Runinga haina GPS na bado huonyesha orodha ya nchi iliyopo. Ziko programu nyingine, hasa za mechi za moja kwa moja, ambazo huomba ruhusa ya mahali na kulinganisha na IP. Lakini hili la mwalimu ni IP tupu. Lingekuwa GPS, zile njia tatu zingempa orodha moja, kwa sababu kiti hakijasogea.

Afanye jaribio hili, halichukui hata dakika moja kwa kila mtandao. Afungue `fast.com` kwenye kivinjari cha simu, asubiri kipimo cha kasi kiishe, abonyeze `Show more info`. Ule ni ukurasa wa Netflix wenyewe. Mbele ya neno `Client` utaona mji na nchi ambayo wao wanakuhesabia. Arudie kwa Safaricom, waifai na eSIM, akizima zile nyingine mbili kila mara. Simu nyingi hurukia data ya laini waifai ikilegea, kisha mtu anasoma jibu la mtandao mwingine.

Kwenye laptopu, njia ya mkato ni hii:

```
curl ipinfo.io/country
```

Itajibu kwa herufi mbili: KE, GB, NL na kadhalika. Ila ipinfo wana daftari lao na Netflix wana lao. Wakitofautiana, amini fast.com kwa mambo ya Netflix.

#7 MwalimuKondele
Asante Fundi. Dada amejaribu. Safaricom: Nairobi, KE. Waifai: Manchester, GB. eSIM: Amsterdam, NL. Kumbe alikuwa anaona orodha ya Uholanzi!

Sasa swali la pili. Basi si aache waifai atumie Safaricom tu, apate ya nyumbani?

#8 MamaBungoma
Mwalimu, fanya hesabu kwanza kabla ya kumshauri hivyo. Video ya HD hula hadi GB 3 kwa saa. Ya ubora wa kawaida hula kama GB 1. Bei ya romingi Ulaya mnaijua. Tena kila pakiti inatoka Manchester, inakuja Nairobi, inarudi Manchester, kwa hiyo picha itasita hata kama ana bando la kutosha. Romingi ni ya kupokea ujumbe na kuthibitisha mambo. Si ya kutazama tamthilia.

La maana zaidi ni kupakua kabla ya kuondoka. Kwake wakati umepita, lakini kwa atakayesafiri kesho nashauri hivi: pakua nyumbani kwa waifai, kisha fungua ukurasa wa `Downloads` uangalie kila kimoja kina siku ngapi. Vingine vikishaanzwa kutazamwa vina saa 48 tu. Vikibakisha chini ya siku 7 programu yenyewe huonyesha muda uliobaki. Vile vyenye muda mfupi usivianze hadi uwe ndani ya ndege.

#9 Wa58_Nakuru
Alivyo navyo tayari kwenye simu si ni vyake? Kwa nini vingine vimewekewa alama ya mshangao?

#10 MamaBungoma
Kwa sababu kupakua hakukupi filamu. Kunakupa faili lililofungwa na ruhusa ya muda. Simu ikiwa haina mtandao, ruhusa iliyohifadhiwa inatosha na filamu inacheza. Programu ikipata mtandao wa nchi ambako haki ya filamu ile haipo, inauliza, inakataliwa, na alama inatokea. Zile ambazo zinapatikana nchi zote mbili huendelea kama kawaida. Filamu nyingi ambazo Netflix imezitengeneza yenyewe ziko karibu kila mahali, ndiyo maana hizo hazipotei. Zinazopotea zaidi ni zile zilizokodiwa kwa studio nyingine.

Kwa hiyo msafiri mwenye vitu alivyopakua Kisumu aviangalie simu ikiwa kwenye hali ya ndege, kabla hajaingia waifai ya mgeni.

#11 FundiMitandao
Naongezea kwa @MamaBungoma: si filamu tu, hata lugha za sauti na manukuu zinaweza kubadilika. Filamu ile ile, nchi nyingine, chaguo la manukuu halipo. Watu hufuta programu na kuisakinisha upya wakidhani imeharibika. Wasifanye hivyo ugenini, maana ukifuta programu unafuta na vyote ulivyopakua.

#12 NyalendaB
Mbona hakuna anayetaja VPN? Weka VPN ya Kenya, umemaliza.

#13 FundiMitandao
Haijamaliza, kaka. Netflix wanazijua anwani nyingi za VPN. Mara nyingi hutaona kosa lolote: utaona orodha imekonda, imebaki vile tu ambavyo Netflix wana haki navyo dunia nzima, na unakuwa umelipia VPN ili upate pungufu. Mara nyingine utapata `M7111-5059`, yaani wameona wakala wa mtandao. Na masharti uliyoyakubali ukijisajili yanasema utazame hasa katika nchi ya akaunti na pale ambapo huduma inatolewa, kila mahali kwa orodha yake. Kutazama ya Uingereza ukiwa Uingereza kunaruhusiwa kabisa. Kujifanya uko kwingine ndiko kusikoruhusiwa.

Lile kosa huwapata hata wasiojua wanatumia VPN. Cha kwanza kuangalia ni kompyuta ya kazini, ambayo mwajiri ameiwekea njia ya kupita ofisini. Cha pili ni kivinjari chenye VPN ndani yake. Cha tatu ni programu ya kuzuia matangazo au virusi iliyoweka njia yake kimyakimya: kwenye Android tafuta alama ya ufunguo juu ya skrini. Na ile eSIM ya wasafiri nayo inaweza kulileta, kwa sababu lango lake liko kwenye kituo cha data na linafanana na VPN machoni pao. Hapo tiba ni kutumia waifai au laini ya nchi ulipo.

#14 KakamegaSetilaiti
Mimi tatizo langu ni hilo hilo la orodha. Niko Kakamega, intaneti ya setilaiti, na Netflix inanionyesha vitu vya Nijeria. Nifanyeje nikisafiri hivi?

#15 BusiaMpakani
Wewe hujasafiri ndugu yangu, ni orodha iliyosafiri 😀 Lakini swali lako ni zuri. Setilaiti inateremsha data kwenye kituo cha chini, na lango la kuingia mtandaoni linaweza kuwa nchi nyingine. Ni lile lile la romingi.

#16 FundiMitandao
Inawezekana, ila si lazima. Lango linaweza kuwa Nairobi na anwani bado ikasomeka ya kwingine. Anwani za IP huhamishwa: kampuni huchukua fungu lililokuwa likitumika nchi moja ikalipeleka nyingine. Kampuni zinazojali huchapisha faili la kusema fungu hili liko mji huu, kwa mpangilio wa RFC 8805, na wenye madaftari hulisoma kwa wakati wao. Katikati hapo unakaa na nchi isiyo yako.

@KakamegaSetilaiti angalia fast.com na ipinfo. Zote mbili zikisema NG, ongea na mtoa intaneti wako. Fast.com ikisema NG na ipinfo ikasema KE, wapelekee picha za skrini zote mbili na anwani yenyewe, kwa sababu wao ndio wenye njia ya kuomba isahihishwe. Kuwapigia Netflix bila ushahidi huo ni kuzungushwa tu.

#17 Wa58_Nakuru
Au ruta yake imewekewa DNS za ujanja na aliyemuuzia. Nimeona mafundi wakiziweka bila kumwambia mteja.

#18 KakamegaSetilaiti
Ruta ni ile iliyokuja kwenye boksi, sijaigusa. Ipinfo inasema KE. Fast.com jana ilisema Lagos, leo asubuhi Nairobi, lakini orodha bado ya Nijeria.

#19 NyalendaB
Toka kwenye akaunti uingie upya. Programu imehifadhi orodha ya jana.

#20 FundiMitandao
Inaweza kuwa hivyo, au anwani inabadilika ndani ya siku na moja ya zile anwani bado haijasahihishwa. Andika anwani iliyopo kila unapoona orodha mbaya. Ikiwa ni ile ile kila mara, umeishika. Ikiwa ni tofauti, huenda NyalendaB yuko sahihi.

#21 MwalimuKondele
Samahani nirudishe uzi nyumbani. Dada alijaribu kuweka akaunti kwenye runinga ya mwenyeji. Imekataa, imeandika kwamba runinga hiyo si ya nyumba ya akaunti yetu, na imempa vitufe viwili. Simu haina shida, ni runinga tu.

#22 MamaBungoma
ASIBONYEZE `Update Netflix Household`. Tafadhali mpigie sasa hivi. Akibonyeza hicho, nyumba ya akaunti inakuwa Manchester na runinga yenu ya Kondele ndiyo itakayoanza kukataa.

Abonyeze `Watch Temporarily`. Ujumbe utatumwa kwenye barua pepe au simu iliyosajiliwa na akaunti. Ndani ya barua kuna kitufe cha kupata msimbo, na muda wake ni dakika 15. Kwa hiyo mpigiane kwanza, wewe ukiwa umeshafungua barua pepe, ndipo yeye abonyeze. Wengi hushindwa hapa: aliye ugenini anabonyeza, mwenye barua pepe yuko darasani, muda unapita, wanaanza upya. Kama aliyesafiri ndiye mwenye namba iliyosajiliwa, laini yake ya Kenya ibaki ndani ya simu na iwashwe, hata data ikizimwa, ili ujumbe mfupi umfikie.

#23 Wa58_Nakuru
Huku kwetu wengi hawana waifai nyumbani, runinga inaunganishwa kwa hotispoti ya simu. Hapo nyumba inatambulikaje? Simu ya baba ikiondoka, nyumba imeondoka?

#24 FundiMitandao
Swali zito hilo. Wanatumia IP, utambulisho wa vifaa na jinsi akaunti inavyotumika, kwa pamoja. IP ya data ya simu hubadilika mara kwa mara na watu wengi huchangia moja, kwa hiyo dalili ya IP inakuwa dhaifu. Baadhi ya watu wanaotumia hotispoti huombwa kuthibitisha mara nyingi na wengine hawaombwi kabisa. Sijaona kanuni moja inayoeleza zote mbili.

#25 NyalendaB
Mimi nasema ni modeli ya runinga. Za zamani haziulizi.

#26 MamaBungoma
Ya kwangu ni ya zamani na inauliza.

#27 KiprotiNjoro
Nimesoma kwamba Ulaya kuna sheria kwamba ukisafiri orodha yako ya nyumbani inakufuata. Dada wa mwalimu aidai.

#28 FundiMitandao
Sheria ipo, Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2017/1128, ilianza kutumika tarehe 1 Aprili 2018. Lakini inamhusu mteja anayeishi katika nchi mwanachama akiwa kwa muda katika nchi nyingine mwanachama. Mfaransa akienda Italia, sawa. Mkenya hayumo. Na Uingereza ilitoka kwenye mpango huo mwisho wa 2020, kwa hiyo hata Mwingereza akienda Ufaransa haimlindi tena.

#29 BusiaMpakani
Je, huduma nyingine? Muziki unafuata nini?

#30 MamaBungoma
Kila mmoja ana tabia yake. Spotify ya bure unaweza kuitumia nje kwa siku 14, kisha inakutaka ubadilishe nchi. Ya kulipia haina kikomo hicho, ila uiunganishe na mtandao angalau mara moja kwa siku 30, la sivyo nyimbo ulizopakua zinafutika. Prime Video ukiwa nje hupunguza orodha, na vile unavyoruhusiwa huviwekea alama ya `Watch While Abroad`. Mechi za moja kwa moja ndizo ngumu kuliko zote, haki zake huuzwa nchi kwa nchi, na huko uliko kuna mtu mwingine aliyezinunua.

Na dada akiwa Manchester ana BBC iPlayer halali kabisa, ikiwa nyumba ya mwenyeji imelipiwa leseni ya TV. Programu inaweza kukosekana kwenye duka la simu kwa sababu akaunti yake ya duka ni ya Kenya. Aingie kwa kivinjari.

#31 MwalimuKondele
Msimbo umefika, ameuweka, runinga inacheza. Asanteni sana, hasa Mama Bungoma. Sasa kuna fununu kwamba mafunzo yataongezwa hadi mwaka ujao. Abadilishe nchi ya akaunti?

#32 FundiMitandao
Nchi ya akaunti haibadilishwi kwa kitufe. Anayehama kweli husitisha akaunti, husubiri muda uliolipiwa uishe, kisha huifungua upya akiwa huko kwa malipo ya huko. Historia na wasifu huhifadhiwa miezi 10 baada ya kusitisha. Lakini hii ni akaunti yenu ya Kisumu: ikihama, nyinyi mtabaki bila. Afungue yake, kisha auhamishe wasifu wake kwa `Transfer Profile` kabla hamjamwondoa kwenye yenu.

#33 Wa58_Nakuru
Na vile alivyopakua Kisumu vikaweka alama ya mshangao, akirudi vitafunguka?

#34 MamaBungoma
Muda wake ukiwa haujaisha, ndiyo, akiunganisha na mtandao wa Kenya.

#35 KiprotiNjoro
Kwa ndugu yangu havikufunguka, ilibidi apakue upya.

#36 FundiMitandao
Vilikuwa vimebakisha siku ngapi alipoondoka?

#37 KakamegaSetilaiti
Nimetoka na kuingia upya. Orodha imekuwa ya Kenya kwenye simu, runinga bado Nijeria, na zote ziko kwenye ruta moja. Anwani nimeiandika kama nilivyoelekezwa. Nani anaweza kunieleza hilo?